Siagi Moja, Hodi Tatu

Tuseme kuna mama wa Morogoro anayesaga karanga, na Jumatatu anatoa kopo jipya: siagi isiyotiwa sukari, gramu 400, shilingi 8,000. Ameandika tangazo moja na kulibandika vilevile Facebook, TikTok na LinkedIn. Wiki inakatika, simu haijalia.

Kabla ya kuliandika upya, aweke kwenye karatasi mambo yasiyobadilika: jina, uzito, bei, siku ya kuanza kuuza, mahali pa kununua na namba ya simu. Mteja akiona 8,000 huku na 7,500 kule, atajua tu kwamba kuna mahali anapunjwa.

Facebook wanaomsoma ni majirani, jamaa na wateja wa zamani. Wanauliza mawili: bei gani, na napata wapi? Posti ndefu hukatwa katikati, msomaji akalazimika kubonyeza ili aone iliyobaki. Kwa hiyo bei na duka vikae juu kabisa. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" mimi naiona kama kumfungia mteja mlango. Swali lilelile likijirudia kwenye maoni, ujue jibu halimo, au limezikwa chini.

TikTok ndiko kwenye kazi. Mtazamaji hakumtafuta mama huyu. Video imemjia tu, na kidole kiko tayari kuipitisha. Ukianza na "Tunayo furaha kuwatangazia", ameshaondoka. Afungue na karanga zinazomiminika kwenye mashine, kisha siagi ikipakwa kwenye mkate, na sauti yake mwenyewe: "Hii haina sukari hata chembe." Bei ije baadaye. Simu aishike wima, na maandishi yakae katikati ya skrini, kwa kuwa chini hufunikwa na maelezo ya video na kulia kuna vitufe. Wimbo unaovuma nao una mtego: akaunti ya biashara hupewa maktaba ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, na akibandika mwingine video inaweza kuzimwa sauti. Mlio wa mashine hauna deni na mtu. Baadaye afungue takwimu za video, atazame mchoro wa watu walivyoondoka. Ukiporomoka sekunde ya pili, abadilishe mwanzo, bei hawakuifikia.

LinkedIn anaweza kusomwa na mnunuzi wa hoteli au supamaketi, mtu anayehesabu katoni. Huko mkate uliopakwa siagi hausaidii sana. Mistari michache ya kwanza, ambayo ndiyo huonekana kabla ya posti kukatwa, iseme hivi: "Tunatoa makopo 600 kwa mwezi, 12 kwa katoni. Siagi hukaa rafuni miezi sita." Alama ya TBS aitaje kama anayo kweli, maana mnunuzi wa namna hiyo ataomba cheti.

Na mtu wa hoteli akiuliza kama mzigo unafika Dodoma, jibu aliandike kwenye ile karatasi ya mwanzo. Facebook nako kuna wa Dodoma.