Draiva Ipi Iaminiwe Studioni?

Studio ndogo ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, huweza kuwa chumba kimoja tu, chenye kompyuta ya Windows, maikrofoni, na kifaa cha sauti kilichochomekwa kwa waya wa USB. Mwimbaji aliyelipia saa zake akiisikia sauti yake ikimrudia masikioni imechelewa, hupoteza mapigo, na fedha yake huenda bure. Aghalabu chanzo ni draiva, yaani programu inayokiunganisha kifaa na kompyuta.

Windows inayo draiva yake ya jumla. Sauti ipitiayo humo kwa kawaida huchanganywa kwanza na sauti za programu nyingine, ndipo ifike masikioni. Kuchanganya huko huchukua muda. Draiva hiyo ni tulivu, nayo yafaa sana kwa kusikiliza. ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, huukwepa uchanganyaji huo na kuipeleka sauti moja kwa moja kwenye programu ya kurekodia.

Hata hivyo, ASIO peke yake haileti utulivu. Sauti hukusanywa kwa mafungu yaitwayo bafa. Kwa kipimo cha sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchukua takriban milisekunde 2.7, na ya 512 takriban milisekunde 10.7. Bafa ikiwa ndogo, kompyuta hupewa muda mfupi wa kumaliza kazi. Ikishindwa, sauti hukatika na kutoa mlio wa kukwaruza.

Basi fundi anayerekodi mwimbaji hutumia ASIO ya mtengenezaji wa kifaa, na kuanza na bafa ya 128. Wimbo ukishajaa ala na mikwaruzo ikaanza, huiongeza hadi 512, kwa maana wakati wa kuchanganya hakuna anayeimba. Mikwaruzo ikikoma, kosa lilikuwa la bafa. Isipokoma, huzima Wai-Fai na kusikiliza tena, kwani draiva ya kifaa kingine yaweza kuichelewesha kompyuta.

Kompyuta ikizimika ghafla na kuonyesha kioo cha buluu, draiva ya mtengenezaji hushukiwa. Kifaa kikiwa cha aina inayotambuliwa na Windows yenyewe, fundi huiondoa draiva hiyo na kukitumia kifaa kwa draiva ya jumla siku nzima. Kompyuta ikitulia, shaka huzidi, naye hutafuta toleo jingine la draiva ya mtengenezaji.

Kwa wakati huo kazi haisimami, iwapo kifaa kina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Hapo ucheleweshaji wa draiva ya jumla haumfikii masikioni, ila mwangwi na mapambo mengine yanayotiwa na kompyuta hatayasikia anapoimba.