Iyapodi Zinacheza Upande Mmoja? Usitupe, Zirizeti Hivi

Uko kwa mat, ngoma ndio inaanza kushika, alafu unashtuka ni sikio la kulia pekee linasikia. La kushoto ni kimya. Kabla utoe doh ya kununua zingine, cheki hii kwanza, juu mara mob hazijaharibika. Zimekosana tu.

Rada ni hii. Kwa iyapodi nyingi za bei ya chini, simu huongea na moja pekee, alafu hiyo moja inapitishia mwenzake sauti. Sasa ukimpa beste yako moja aunganishe na simu yake, ama utoe moja kwa kesi ikiwa pekee yake, zinaweza kusahauliana. Kila moja inaanza kujitegemea. Utajua ukifungua Bluetooth upate jina moja limejirudia mara mbili, kama "Redmi AirDots_R" na "Redmi AirDots_L".

Tuchukue hizo Redmi AirDots za kwanza, zile za kubonyeza, juu wasee wengi wako nazo.

Kwanza, panguza vile vyuma vidogo na kitambaa kikavu, kwa iyapodi na ndani ya kesi, alafu chaji zote zijae. Uchafu hapo unafanya moja ikose chaji na wewe unadhani imekufa.

Pili, enda kwa Bluetooth ya simu ufute majina yote mawili. Gusa "Forget" ama "Unpair", alafu uzime Bluetooth. Simu ya beste yako pia ifutwe, la sivyo itazinyakua tena.

Tatu, toa zote mbili kwa kesi na uzizime. Bonyeza zote kwa pamoja na usiachilie. Taa itawaka mapema, lakini wewe endelea tu kushikilia, kama sekunde 15 ama zaidi, mpaka taa nyekundu na nyeupe zipokezane. Hapa ndio wengi hufeli, wanaachilia taa ya kwanza ikiwaka.

Nne, zirudishe kwa kesi, ngoja kidogo, alafu zitoe zote mbili kwa wakati mmoja. Zipee sekunde kadhaa zitafutane bila kugusa simu. Zikipatana, moja inaacha kublink na ingine inaendelea.

Sasa washa Bluetooth na uguse jina moja tu. Likitokea la pili, usiliguse. Ukiligusa unazitenganisha tena, na itabidi urudie hatua ya pili.

Kama zako ni za kampuni ingine, mpango ni huo huo, ni kubonyeza tu ndio hubadilika. Soma kile kikaratasi cha kwa boksi.

Na kama moja haiwashi taa hata baada ya kuchaji na kupanguzwa, hiyo si mambo ya kurizeti. Betri yake pengine imeisha. Pia jua ukipoteza moja na ununue ya kuokoteza mtaani, inaweza kataa kabisa kupatana na yako.