Mapanja Yamepukutika: Je, Nywele Zitaota Tena?

Msusi akiwa na mkono mzito, mteja hutoka saluni macho yamevutwa kuelekea masikioni, na usiku hawezi kulalia ubavu. Ameambiwa, "Vumilia mama, zitalegea zenyewe." Kwa akina mama wa Busia na Malaba wanaovuka mpaka kutafuta bidhaa upande wa Uganda, rasta zina faida: hukaa wiki nyingi, na alfajiri hakuna shughuli ya kuchana. Gharama yake huonekana mapanjani.

Huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala jirani hakuroga. Unywele ukivutwa mchana na usiku, shina lake ndani ya ngozi huvimba. Mvuto ukiendelea miaka, shina hufa na mahali pake huwa kovu. Rasta, nywele za bandia zilizoshonewa juu ya mistari, au mpira uliokazwa kisogoni, kazi ni ile ile. Na nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha huumia zaidi. Huko Cape Town, uchunguzi wa Daktari Nonhlanhla Khumalo na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana dalili hizi.

Je, zitaota? Ngozi yenyewe hujibu. Tuseme mama mmoja muuza samaki amefumua rasta, akasimama na kioo penye mwanga wa mchana. Akiona vipele na maumivu kwenye mashina, hilo ni onyo la mapema. Akiona mapanja yamekonda lakini vitundu vya nywele bado vipo, na vinyweleo laini vimo, ana tumaini. Aache mvuto kabisa, si wiki mbili tu. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa, na kwa kuwa nywele hurefuka kama sentimita 1 tu kwa mwezi, za kushikika na kitana huchukua hata mwaka. Daktari aweza kuongeza dawa ya minoksidili. Lakini kupaka dawa huku umesukwa vile vile ni kuteka maji kwa pakacha.

Ngozi ikiwa nyororo, inang'aa, haina vitundu, hakuna mafuta ya sokoni yatakayorudisha kitu. Hapo limebaki pandikizo la nywele, nalo ni ghali.

Kuna alama moja ya kutambulisha: mstari mwembamba wa nywele fupi uliobaki ukingoni kabisa, mbele ya upara. Zilinusurika kwa kuwa msusi hakuweza kuzishika! Ukingo wote ukitoweka na nyusi nazo zikipungua, huenda ni maradhi mengine; muone daktari wa ngozi.

Nawe msusi, anza mstari nyuma kidogo ya ukingo, na punguza nywele za bandia pale mbele. Ngozi ikiinuka vinundu kwenye shina, fumua mstari huo kabla mteja hajainuka kitini.