Kubahatisha kwa hesabu: majibu matatu ya mizigo mitatu

Chukua mizigo mitatu yenye uzito sawa. Kila mmoja unaning'inia darini kwa springi yake, na mzigo wa kati umeunganishwa na wenzake wa pembeni kwa springi nyingine mbili. Springi zote tano zina ugumu uleule. Ukiivuta mizigo ovyo na kuiachia, itacheza kwa fujo. Lakini ipo mikao mitatu ambayo, ukianzia humo, mizigo yote hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja bila kuparaganyika. Kazi yetu ni kuitafuta mikao hiyo.

Mafundi wa hesabu huweka mfumo huu katika jedwali la mistari mitatu, linaloitwa matriki:

```
 2  -1   0
-1   3  -1
 0  -1   2
```

Namba za ulalo, 2, 3 na 2, ni idadi ya springi zinazoushika kila mzigo. Hizo -1 zinaonyesha nani kaunganishwa na nani. Tunatafuta namba λ ambayo, kwa mkao fulani, kuzidisha kwa matriki hii ni sawa na kuzidisha mkao wenyewe kwa λ tu. Tuiite thamani bainifu. Ili kuipata, unatoa λ kwenye kila namba ya ulalo, unatafuta determinanti, kisha unailinganisha na sifuri. Ukifungua mabano yote unapata:

λ³ − 7λ² + 14λ − 8 = 0

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili wanaijua kwa moyo, ila ya kipeo cha tatu ni ndefu na inachosha, kwa hiyo huanza kujaribu namba yoyote inayowajia kichwani. Hakuna haja. Hamisha 8 upande wa pili, kisha toa λ nje ya mabano:

λ(λ² − 7λ + 14) = 8

Kama λ ni namba kamili, kilichomo ndani ya mabano nacho ni namba kamili. Basi λ lazima iigawe 8 bila baki. Namba hasi hazifai, maana zikiingia kwenye mlinganyo wa kwanza kila kipande kinakuwa hasi na jumla haiwezi kufika sifuri. Sehemu kama 3/2 nazo zinaondoka: mbele ya λ³ hakuna namba ya kuzidisha, hivyo asili ya 8 iliyo chini ya 27/8 haina kitu cha kuifuta. Waliobaki ni wanne tu: 1, 2, 4 na 8.

Weka 1: 1 − 7 + 14 − 8 = 0. Imekubali mara ya kwanza. Sasa usiendelee kujaribu. Gawanya mlinganyo kwa (λ − 1), na kinachobaki ni λ² − 6λ + 8, yaani (λ − 2)(λ − 4). Thamani zetu ni 1, 2 na 4. Zijumlishe: 7, sawasawa na jumla ya ulalo 2 + 3 + 2. Jumla hizo mbili hulingana daima, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kazi yako.

Na mizigo inasemaje? Kwa λ = 1, yote mitatu huenda pamoja, na springi za katikati hazivutiki kabisa. Kwa λ = 2, wa kati hutulia huku wa pembeni wakipishana, mmoja juu, mwingine chini. Kwa λ = 4, wa pembeni huenda upande mmoja, na wa kati huenda upande wa pili kwa umbali maradufu. Kasi ya mdundo hufuata kipeuo cha pili cha λ, ndiyo maana mkao huu wa tatu hucheza kwa kasi mara mbili ya ule wa kwanza.

Tuseme ulikosea ukaandika 13 mahali pa 14. Ukijaribu 1, 2, 4 na 8 utapata −1, −2, −4 na 160. Hakuna sifuri. Wagombea wote wakikataa, rudi kwanza kwenye determinanti. Na kabla ya kufungua mabano yote, angalia vizuri: katika matriki yetu, (2 − λ) inajitokeza katika vipande vyote viwili vya determinanti. Aliyeiona na kuitoa nje amepata jibu la 2 bila kujaribu chochote. Mimi humwomba kila ninayemfundisha asiharakishe kufungua mabano.

Hata hivyo, kukataa kwa wagombea si kosa daima. Ondoa springi za darini, ubakishe ya mzigo wa kwanza tu, ili mizigo ining'inie mmoja chini ya mwingine. Ulalo unakuwa 2, 2 na 1, na mlinganyo ni λ³ − 5λ² + 6λ − 1 = 0. Wagombea ni 1 na −1 pekee, nao wanatoa 1 na −13. Mlinganyo huu ni sahihi kabisa, na majibu yake matatu, takribani 0.198, 1.555 na 3.247, yanaweza kupatikana kwa kukaribia hatua kwa hatua. Hakuna hata moja linaloandikika kama sehemu.