Mbebaji wa Sikoseli na Badiliko Lisilojulikana: Kusoma Majibu ya Vipimo vya Jeni

Kila mtu hurithi nakala mbili za karibu kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mbebaji ni yule ambaye nakala moja ina hitilafu na ya pili ni nzima, na ile nzima inautosha mwili. Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni sikoseli, ambayo vitabu huiita selimundu. Katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, herufi moja tu imebadilika: A imekuwa T. Mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA, mwenye moja ya kila aina AS, na mwenye mbili zenye badiliko SS. Mgonjwa ni SS.

Mwenye AS si mgonjwa nusu. Anaishi, anafanya kazi na anazeeka kama watu wengine, na hawezi kugeuka SS miaka ikipita. Tena ana faida: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana badiliko hili limeenea sana maeneo yenye mbu wengi, kama ukanda wa Ziwa Viktoria na pwani. Tahadhari zake ni chache. Asifanye mazoezi makali juani bila kunywa maji ya kutosha, na akikojoa damu aende hospitali mapema. Uzito wa jibu hili uko kwenye uzazi.

Baba AS na mama AS wakipata mimba, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni mmoja kati ya nne, wa kuwa AS ni mbili kati ya nne, na wa kuwa AA ni mmoja kati ya nne. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Wazazi wengi husikia "mmoja kati ya nne" wakaamini kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Katika familia 100 za wazazi wa namna hii zenye watoto wanne kila moja, takriban 32 hazitapata mgonjwa hata mmoja, na zilizobaki zitapata mmoja au zaidi. Anayetoa ushauri kliniki asipolisema hili waziwazi, familia huondoka na matumaini yasiyo na msingi.

Jibu lenyewe hutegemea kipimo kilichotumika. Kipimo cha haraka, ambacho damu huchanganywa na kemikali na kutazamwa kama mchanganyiko umekuwa mzito, kinaonyesha kama S ipo au haipo. AS na SS zote hutoa jibu chanya, hivyo neno "chanya" peke yake halimwambii mtu kama ni mbebaji au mgonjwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kutoa jibu hasi kwa mgonjwa, maana damu yake bado imejaa himoglobini ya kichanga, F. Kipimo kinachotofautisha ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini na kutoa asilimia ya kila moja. Kwa mbebaji wa kawaida A huzidi S. S ikizidi A, jambo jingine linaendelea. Huenda ni mgonjwa wa SS aliyeongezewa damu karibuni, au ni mtu aliyerithi S upande mmoja na thalasemia upande wa pili. Kwa aliyeongezewa damu, ni vizuri kusubiri takriban miezi minne, ambao ndio umri wa chembe nyekundu, au kupima DNA moja kwa moja.

Tuseme mama mjamzito amepimwa na karatasi inasomeka A asilimia 61, S asilimia 35. Ni mbebaji. Mumewe, wa ukoo wenye asili ya Omani, amefanyiwa kipimo cha haraka na kuambiwa hana sikoseli. Jibu ni la kweli, ila halitoshi. Kipimo kamili kinaonyesha hana S kabisa, lakini himoglobini yake A2 ni asilimia 5.3, wakati kwa kawaida haizidi 3.5, na chembe zake nyekundu ni ndogo ingawa madini ya chuma mwilini yanatosha. Huyu ni mbebaji wa thalasemia ya beta, inayopatikana sana Oman. Kila mimba ya wawili hawa ina uwezekano mmoja kati ya nne wa mtoto kurithi S ya mama pamoja na thalasemia ya baba, na mtoto huyo huugua sikoseli, mara nyingine kwa ukali uleule wa SS. Kumpima mume kwa kutafuta S peke yake kungewapa jibu la kutuliza lisilostahili.

Kwa kichanga, herufi huandikwa kwa mpangilio wa wingi. FAS maana yake F ni nyingi, kisha A, kisha S: huyo ni mbebaji. FS maana yake A haionekani kabisa, na mtoto anahitaji kipimo cha kuthibitisha na kuanza matibabu ya kinga mapema, ikiwamo penisilini.

Hadi hapa herufi iliyobadilika inajulikana na madhara yake yanajulikana. Kwa jeni nyingi haiko hivyo. Jeni BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiharibika huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, zina maelfu ya mabadiliko yaliyoorodheshwa, na maabara hulipanga kila moja katika daraja tano: linaloleta ugonjwa, linaloelekea kuleta ugonjwa, lisilojulikana maana yake, linaloelekea kutodhuru, na lisilodhuru. Katika karatasi za maabara daraja la tatu huandikwa VUS. Jina linatisha, lakini linachosema ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kulipeleka badiliko upande wowote.

Ushahidi huo hutoka wapi? Kwanza ni wingi wa badiliko kwa watu wote. Likionekana kwa watu wengi wenye afya, haliwezi kuwa chanzo cha ugonjwa adimu na mkali. Hapo ndipo Waafrika wanapodhulumiwa na hifadhi za takwimu za dunia, ambazo zimekusanya zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la kawaida kabisa kijijini Mara au Kisumu linaweza kuonekana jipya kwenye orodha hizo, na likabaki VUS. Pili ni ukoo: je, wenye badiliko ndio waliougua, na wasionalo ndio waliosalimika? Tatu ni majaribio ya maabara yanayoangalia kama protini bado inafanya kazi.

Mwanamke mwenye saratani ya matiti akipata VUS katika BRCA2, matibabu yake hayabadiliki kwa sababu ya jibu hilo, wala matiti hayaondolewi kwa kinga kwa sababu yake. Dada yake mzima hapaswi kupimwa badiliko hilo ili kujua kama atapata saratani, kwa kuwa jibu lolote halingemwambia kitu. Uchunguzi wake hupangwa kwa historia ya familia: nani aliugua, saratani ipi, akiwa na umri gani. VUS nyingi zinazopangwa upya huishia upande wa kutodhuru, na chache hupanda. Kwa hiyo mwenye karatasi aitunze, jina kamili la badiliko likiwa wazi, na baada ya mwaka mmoja au miwili aiulize kliniki kama daraja limebadilika, kwa sababu si kila maabara hutoa taarifa yenyewe.