DirectX 11, DirectX 12 au Vulkan: Kadi ya Zamani Inaweza Ipi?

Je, wajua kwamba Windows 10 inaweza kukuandikia DirectX 12 kwenye kompyuta ambayo kadi yake ya michoro haiwezi kufungua gemu hata moja la DirectX 12? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `dxdiag`, usome ukurasa wa kwanza. Mstari wa `DirectX Version` unataja toleo lililokuja na Windows yenyewe, wala hausemi lolote kuhusu kadi. Habari za kadi ziko kwenye ukurasa wa `Display`, katika mstari wa `Feature Levels`. Namba ya kwanza hapo ndiyo ya juu kabisa. Ikiwa ni `10_1`, DirectX 12 isahau, maana inadai angalau `11_0`. Na hata ukiikuta `11_0`, bado lazima draiva ya kadi hiyo iwe inaijua DirectX 12.

Jambo hili linawagusa sana wachezaji wa Path of Exile, gemu la studio ya Grinding Gear Games ya New Zealand. Lilitoka rasmi mwaka 2013, na leo ni miongoni mwa magemu machache yanayompa mchezaji njia zote tatu za kuchora: ukifungua mipangilio ya picha, kwenye `Renderer` unachagua DirectX 11, DirectX 12 au Vulkan. Mwenye kompyuta mpya anaweza kuchagua yoyote asione tofauti kubwa. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kulifanya gemu liwe jepesi zaidi, au lisifunguke kabisa.

Chanzo cha tofauti ni nani anayefanya kazi. Katika DirectX 11, iliyotoka mwaka 2009 pamoja na Windows 7, gemu linatoa amri moja baada ya nyingine: chora jini hili, chora moto huu, chora ukuta ule. Draiva inazipokea, inakagua kila moja, inaamua picha ipi ikae wapi kwenye memori ya kadi, na inahakikisha hakuna kinachosomwa kabla hakijamaliza kuandikwa. Ni kama karani mmoja dirishani: mwaminifu, hakosei, lakini foleni yote inapita kwake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia kiini kimoja cha kichakataji, hata kama kompyuta ina viini vinne.

DirectX 12 ya mwaka 2015 na Vulkan ya Februari 2016 zilimwondoa karani huyo. Gemu lenyewe ndilo linalopanga memori, ndilo linalojua kipi kisubiri kipi, na linaweza kuandaa orodha za amri kwenye viini kadhaa kwa wakati mmoja. Vulkan, iliyoanzia kwenye kazi ya AMD iitwayo Mantle, haifungwi na Windows: inapatikana pia kwenye Linux na Android, na hata Windows 7 inaikubali draiva ikiwepo.

Kwa hiyo njia hizi mpya haziiongezei kadi nguvu. Zinakipunguzia mzigo kichakataji. Kipimo cha kujua kama zitakufaa ni rahisi, nami nakiamini kuliko video zote za kulinganisha. Chukua kompyuta ya mezani yenye Core i5-3470 ya mwaka 2012 na kadi ya GTX 750 Ti yenye memori ya GB 2. Weka DirectX 11, zima kipengele cha gemu cha kubadilisha rezolusheni chenyewe, ingia mahali penye maadui wengi, utazame idadi ya fremu kwa sekunde. Kisha shusha rezolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720 urudi pale pale. Fremu zikibaki zilezile, kadi ilikuwa inakisubiri kichakataji, na hapo DirectX 12 au Vulkan ina nafasi ya kusaidia. Zikipanda sana, iliyoelemewa ni kadi yenyewe. Kubadilisha njia hakutaiokoa. Punguza vivuli na rezolusheni.

Ukiamua kujaribu njia mpya, usiihukumu kwa dakika za mwanzo. Sheda, yaani programu ndogondogo zinazoieleza kadi namna ya kuchora kila kitu, lazima zitafsiriwe kwa lugha ya kadi yako. DirectX 12 na Vulkan hutaka vifurushi kamili vya maelezo hayo kabla ya kuchora, na kichakataji cha viini viwili au vinne huhenyeka kuviandaa huku mchezo ukiendelea. Utaona gemu likikwama kila adui mpya anapotokea. Pita eneo lilelile mara ya pili: kukwama kukipungua, zilikuwa sheda, na sasa zimehifadhiwa kwenye diski. Ukibadilisha draiva, tarajia zitengenezwe upya.

Kukwama kusipopungua, shuku memori. Katika DirectX 11, memori ya kadi ikijaa, draiva na Windows huhamisha picha kwenda RAM na kuzirudisha bila gemu kujua. Katika njia mpya gemu lenyewe ndilo linalotakiwa kubana matumizi, na GB 2 ni nafasi finyu. Fungua `Task Manager`, nenda `Performance`, kisha `GPU`, utazame `Dedicated GPU memory`. Ikigota ukingoni huku gemu likisimama kila ukigeuka, punguza ubora wa `Texture` kabla ya kulaumu njia uliyochagua. Usipopunguza, gemu linaweza kujifunga ghafla.

Halafu kuna kompyuta ambazo uchaguzi wake ni wa jina tu. HP EliteBook 840 G1, laptopu ya kazini ambayo wengi huinunua ikiwa imeshatumika, mara nyingi huwa na Core i5-4300U na michoro ya ndani ya Intel HD 4400. Kwenye Windows, Intel haikutoa Vulkan kwa kizazi hicho cha nne. Ilianzia kizazi cha sita. DirectX 12 ilikuwepo, lakini Intel iliizima kwenye draiva za baadaye, kuanzia 15.40.44.5107, kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama. Wapo wanaorudisha draiva ya zamani ili waipate. Mimi sishauri: unafungua mlango uliofungwa kwa sababu, na HD 4400 yenyewe ndiyo inayoelemewa mapema, kwa hiyo faida ni ndogo. Laptopu hiyo ibaki DirectX 11.

Ikitokea umechagua njia ambayo kadi haiiwezi na gemu halifiki tena kwenye mipangilio, huna haja ya kulisakinisha upya. Ndani ya `Documents\My Games\Path of Exile` kuna faili la `production_Config.ini`. Lifungue kwa `Notepad`, tafuta mstari wa `renderer_type`, uufanye uwe hivi:

```
renderer_type=DirectX11
```

Kwa wenye kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, kama GTX 660, kuna kikomo kingine. Kadi hizo zina Vulkan na DirectX 12, lakini draiva zake ziliishia kwenye tawi la 470, na humo Vulkan imesimama kwenye toleo la 1.2. Gemu likidai 1.3 litakataa kufunguka, hata kama kadi ingekuwa na nguvu ya kulichora. Gemu hilo likiwa na njia ya DirectX 11 pia, ndiyo ya kujaribu kwanza.