CCI Ikivuka Mia Moja

Ukifungua chati ya Bitcoin kwenye simu na kuongeza kipimo kiitwacho CCI, chini ya bei hujitokeza mstari unaopanda na kushuka kati ya alama mbili, +100 na −100. Somo la kwanza analopewa mgeni ni fupi: mstari ukipita +100, sarafu imenunuliwa kupita kiasi, kwa hiyo uza. Ukishuka chini ya −100, nunua. Somo hilo linavutia kwa wepesi wake, lakini linakwenda kinyume na kazi aliyopewa kipimo hiki na mbunifu wake. Donald Lambert, aliyekieleza mwaka 1980 katika jarida la Kimarekani la Commodities, alinunua pale mstari ulipovuka +100, na akatoka uliporudi chini ya alama hiyo. Kwake yeye, +100 ilikuwa mlango wa kuingilia.

Ili kuona kwa nini, inabidi tujue mstari ule unapima nini. Kwa kila siku, bei ya juu, bei ya chini na bei ya kufungia hujumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Tuiite bei ya siku. Halafu hutafutwa wastani wa bei hizo kwa siku 20, na kuangaliwa kwa kawaida bei huwa mbali kiasi gani na wastani huo. CCI inauliza swali moja tu: je, leo bei imeuacha wastani wake kwa umbali usio wa kawaida kwa soko hili? Umbali wa leo hugawanywa kwa umbali wa kawaida, kisha kwa 0.015, tarakimu aliyoichagua Lambert ili sehemu kubwa ya siku ibaki kati ya +100 na −100.

Tuchukue sarafu ya kubuni iliyotulia kwa siku 19. Siku 9 bei yake ilikuwa dola 9,900, siku 9 dola 10,100, na siku moja 10,000. Siku ya 20 inapanda hadi 10,400. Wastani wa siku zote 20 ni 10,020, hivyo bei ya leo iko dola 380 juu yake. Umbali wa kawaida ni dola 110. Gawanya 380 kwa 110, kisha kwa 0.015, upate +230. Sasa tubadilishe jambo moja tu. Siku 9 bei ilikuwa 9,400 na siku 9 ilikuwa 10,600, soko likiyumba huku na huku, na leo ni 10,400 ileile. Wastani ni uleule, 10,020, na tofauti ya leo ni dola 380 zilezile, lakini umbali wa kawaida sasa ni 560. CCI inatoka +45.

Bei ni ileile, wastani ni uleule, ila kipimo kimoja kinapiga kelele na kingine kimenyamaza. Hakuna mahali katika hesabu hii panapouliza kama sarafu ni ghali. Kinachopimwa ni soko kuvunja utulivu wake, na ndiyo maana alama kubwa inayotokea baada ya wiki kadhaa za bei kubanana ninaisoma kama mwanzo wa mwendo. Anayeuza hapo kwa sababu mstari uko juu sana anauza wakati mwendo huo haujapimwa bado.

Kuna jambo la pili ambalo huwapotosha hata wenye uzoefu. Chukua bei inayopanda kwa kiasi kilekile kila siku, kwa siku 20 mfululizo. Bei ya leo itakuwa juu ya wastani kwa hatua tisa na nusu, na umbali wa kawaida utakuwa hatua tano. CCI inatoka karibu +127, iwe kila hatua ni dola 10 au dola 500, na itabaki hapo maadamu mwendo haubadiliki. Maana yake ni kwamba soko linalopanda kwa utulivu huishi juu kidogo ya +100. Mstari ukianza na +230 siku ya mvunjo kisha ukateremka hadi 130 huku bei ikiendelea kupanda, wengi husema nguvu imekwisha. Mara nyingi ni hesabu tu: umbali wa kawaida umepanuka, na mwendo umetoka kwenye mruko ukaingia kwenye upandaji wa kila siku.

Mwaka 2020 Bitcoin ilionyesha yote haya. Agosti ilishindwa kukaa juu ya dola 12,000, Septemba ikarudi karibu na 10,000, kisha ikabanana. Oktoba 21, siku ambayo PayPal ilitangaza kuwaruhusu wateja wake kununua kripto, bei iliivuka 12,000 na kukaribia 13,000, na CCI ya siku 20 ikawa mbali juu ya +100. Aliyeuza kwa sababu hiyo aliona bei ikifika karibu 19,000 mwezi uliofuata. Kanuni ya Lambert nayo ilikuwa na gharama yake: Novemba 26 bei ilianguka ghafla hadi kati ya 16,000 na 17,000, mstari ukarudi chini ya +100, na mfuasi wa kanuni akatolewa nje. Desemba 16 Bitcoin ilivuka dola 20,000 kwa mara ya kwanza, na mstari ulikuwa tena juu ya +100. Angelazimika kuingia upya kwa bei ya juu kuliko aliyotokea. Mwaka uliisha bei ikiwa karibu 29,000.

Lakini mlango huohuo huwapeleka watu kwenye hasara. Aprili 14, 2021, Bitcoin ilikaribia dola 65,000, juu ya kilele cha Machi, na CCI ilikuwa imevuka +100 kama Oktoba. Siku nne baadaye bei iligusa eneo la 52,000. Tofauti iko kabla na baada. Oktoba mvunjo ulikuja mapema, baada ya soko kushuka na kutulia. Aprili ulikuja baada ya miezi sita ya kupanda, na kilele kipya kilipita cha zamani kwa kiasi kidogo tu. Baada ya mvunjo wa Oktoba bei haikurudi chini ya 12,000. Wa Aprili ulirudi chini ya kilele cha Machi kabla wiki haijaisha. Bei inaporudi ndani ya eneo ililotoka, mvunjo umekufa, na sioni sababu ya kuusubiri ufufuke.

Kripto ina tabia moja inayodai uangalifu zaidi kuliko masoko ya Lambert. Soko halifungwi, kwa hiyo mshumaa wa siku kwenye chati nyingi hufungwa saa sita usiku kwa saa za dunia, yaani saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mstari unaoonyesha +180 saa nne usiku haujakamilika. Saa tisa unaweza kuwa umeshuka hadi +70, na alama ile ikafutika kabisa kwenye chati. Zaidi ya hapo, bei ya juu ya siku imo ndani ya hesabu. Dakika chache za watu kulazimishwa kufunga mikopo yao ya biashara zinaweza kurusha bei juu na kuirudisha, zikaacha utambi mrefu juu ya mshumaa na CCI iliyovimba. Ninachoangalia ni bei ya kufungia: imebaki juu ya eneo lililovunjwa, au imerudi ndani?

Kwa sarafu ndogo zenye wanunuzi wachache, ninaona kipimo hiki hakitoshi. Bei yake inaweza kulala wiki nzima kwa sababu hakuna anayeifanyia biashara, umbali wa kawaida ukawa mdogo mno, na mnunuzi mmoja mwenye fedha kidogo akaupeleka mstari +300. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ila haijui idadi ya watu waliokuwa sokoni. Tazama kwanza nguzo za kiasi cha biashara chini ya chati: kama siku ya mvunjo haikuzidi siku za kawaida kwa uwazi, au kama kiasi chote kimepita kwenye soko moja la mtandaoni, hapo hakuna mvunjo wa kufuata.